Pensheni ya serikali au mfuko wa kampuni? Subiri uhame kazi ndipo utajua tofauti

Kiwanjani, mtaa uliopata jina kutokana na kiwanja cha ndege cha Isiolo, ushauri wa wazee kwa kijana aliyemaliza chuo haujabadilika kwa miaka mingi: tafuta kazi ya serikali, hata mshahara ukiwa mdogo, mwishowe kuna pensheni. Ukimwambia mzee kwamba umepata kazi kwa kampuni ya mikopo au ya usafirishaji, atakupongeza, halafu atauliza kwa sauti ya chini, "Na ukizeeka?"

Swali la mzee ni halali. Shida ni kwamba pensheni anayoizungumzia, ile iliyomlipia karo ya watoto na kumjengea nyumba, si ile atakayopata kijana anayeajiriwa na serikali leo. Mambo yaligeuka tarehe 1 Januari 2021, na vijana wengi walio kazini hadi sasa hawajui ni wapi hasa pesa zao za uzeeni zinakaa.

Ukitaka kuelewa tofauti kati ya pensheni ya serikali na mfuko wa mwajiri binafsi, weka kando kwanza suala la nani analipa zaidi. Uliza maswali matatu tu. Pesa hizo ziko wapi kwa sasa? Zinakuwa zako rasmi kuanzia lini? Na ukiacha kazi, zinakufuata au zinabaki?

Pensheni ya mzee: ahadi isiyo na akaunti

Tuanze na mzee mwenyewe. Tuseme alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 30, akastaafu akiwa na mshahara wa msingi wa Sh60,000 kwa mwezi. Yeye yuko chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189 ya Sheria za Kenya, ambayo mizizi yake ni ya enzi za ukoloni.

Katika mpango huo, mzee hakukatwa mshahara ili kuweka akiba ya pensheni yake. Hakukuwa na akaunti yenye jina lake, wala mfuko uliokuwa ukinunua hisa au hati za dhamana kwa niaba yake. Kulikuwa na ahadi ya serikali pamoja na hesabu iliyoandikwa kwenye sheria. Siku ya kustaafu ikifika, Hazina ya Kitaifa hulipa kutoka mfuko mkuu wa serikali, ule ule unaojazwa na kodi. Kwa maneno mengine, pensheni ya mzee inalipwa na ushuru unaotozwa mwaka huu, ikiwemo kodi ya mjukuu wake.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila mwezi aliofanya kazi unampa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wake. Miaka 30 ni miezi 360, na 360 ukigawa kwa 480 unapata robo tatu. Robo tatu ya Sh60,000 ni Sh45,000 kwa mwezi.

Wengi huchagua kubadilisha robo ya pensheni hiyo iwe malipo ya mkupuo. Robo ya Sh45,000 ni Sh11,250 kwa mwezi, yaani Sh135,000 kwa mwaka. Kiasi hicho cha mwaka huzidishwa mara 20, na mzee anapokea Sh2,700,000 kwa pamoja. Baadaye analipwa Sh33,750 kila mwezi maisha yake yote.

Utaona kwa nini mzee anaisifu. Soko la hisa likianguka, yeye haguswi. Hesabu inatumia mshahara wake wa mwisho, ambao kwa kawaida ndio mkubwa kuliko yote, na si ule mdogo alioanza nao. Akiishi hadi miaka 95, serikali inaendelea kulipa.

Lakini ahadi hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni kustaafu. Ilimbidi mtu awe amefanya kazi angalau miaka 10 ndipo astahili pensheni ya kila mwezi, na aondoke kwa njia inayokubalika: kufikia umri wa kustaafu, ambao ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, kustaafu mapema kuanzia miaka 50, au kuondolewa kwa sababu kama ugonjwa. Aliyeandika barua ya kujiuzulu akiwa na miaka 35 ili akajaribu biashara au kazi nyingine nje ya serikali alipoteza mafao yake. Hata kama alikuwa amefundisha miaka 11, hakuwa na kitu cha kubeba, kwa sababu hakukuwa na akaunti ya kubebwa.

Hapo ndipo msemo wa "kazi ya serikali haiachwi" ulipata nguvu. Watu walivumilia uhamisho wa mbali, bosi mkali na mshahara mdogo kwa sababu kuondoka kulikuwa na bei, na bei yenyewe ilipanda kila mwaka waliozidi kukaa.

Kilichobadilika mwaka 2021

Mpango wa ahadi una udhaifu mmoja. Bili inakua kila mwaka, wastaafu wakiongezeka na wakiishi muda mrefu zaidi, ilhali hakuna pesa iliyotengwa mapema. Serikali ilipitisha sheria ya mpango mpya mwaka 2012, lakini ikachukua karibu miaka tisa kuianza. Mpango huo, unaojulikana kwa kifupi kama PSSS, ulianza kazi Januari 2021 ukiwahusu watumishi wa serikali kuu, walimu wa TSC, polisi na maafisa wa magereza, miongoni mwa wengine.

Waliokuwa chini ya miaka 45 wakati huo waliingizwa kwa lazima. Waliokuwa na miaka 45 na zaidi waliachiwa wachague. Wanaoajiriwa sasa kwa masharti ya kudumu huingia moja kwa moja.

Katika PSSS mfanyakazi anachangia. Ili makato yasiume ghafla, mwaka wa kwanza walikatwa asilimia 2 ya mshahara, mwaka wa pili asilimia 5, na kuanzia mwaka wa tatu asilimia 7.5. Serikali nayo inaongeza asilimia 15. Pesa hizo zinaingia kwenye mfuko, zinawekezwa, na kila mwanachama ana akaunti yake.

Kwa hivyo kijana wa Kiwanjani aliyeanza kufundisha hivi majuzi, kwa upande wa pensheni, anafanana zaidi na jirani yake wa kampuni binafsi kuliko na mzee wake. Wote wawili wana akaunti. Wote wawili wanapata faida soko likipanda, na wote wanaumia likishuka. Hakuna tena anayemhakikishia robo tatu ya mshahara wa mwisho. Atapata kile kilichowekwa pamoja na kile kilichozaliwa na uwekezaji, ukiondoa gharama za kuendesha mfuko.

Mfuko wa kampuni unavyofanya kazi

Kwenye sekta binafsi mambo yanasimamiwa na Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, iliyounda mamlaka ya RBA. Sheria hiyo ililenga hatari moja iliyo wazi: mwajiri kushika pesa za wafanyakazi na kuzitumia kama zake.

Ndiyo maana pesa za mfuko haziruhusiwi kukaa kwenye akaunti ya kampuni. Mfuko unaongozwa na wadhamini, na baadhi yao huchaguliwa na wanachama wenyewe. Kuna meneja anayeamua pesa ziwekezwe wapi, na kuna benki inayotunza mali hizo, na hawa wawili hawaruhusiwi kuwa kitu kimoja. Anayeamua hashiki pesa, anayeshika haamui. Kampuni ikifilisika kesho, wanaoidai hawana ruhusa ya kugusa kilicho ndani ya mfuko.

Tahadhari hapa: si kila mwajiri ana mfuko kama huo. Sheria haimlazimishi. Kinacholazimishwa ni NSSF, ambapo chini ya sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani, mfanyakazi anakatwa asilimia 6 na mwajiri anaongeza asilimia 6 nyingine, hadi kiwango fulani cha mshahara. Mwajiri akikuambia "pensheni iko", muulize kama anamaanisha NSSF peke yake au kuna mfuko wa kampuni pia. Tofauti ya majibu hayo mawili, ukifika miaka 60, inaweza kuwa nyumba nzima.

Tofauti inavyoonekana kwa shilingi

Sasa tuwaweke marafiki wawili mezani. Walisoma pamoja, wote wamepata kazi yenye mshahara wa msingi wa Sh40,000. Mmoja ni mwalimu chini ya TSC. Mwingine ni mhasibu kwenye kampuni binafsi ambayo kanuni za mfuko wake zinasema mfanyakazi anatoa asilimia 5 na kampuni asilimia 5. Viwango vya kampuni ni mfano tu, kila mfuko una vyake.

Mwalimu anakatwa Sh3,000 kwa mwezi na serikali inaongeza Sh6,000. Jumla ni Sh9,000. Mhasibu anakatwa Sh2,000 na kampuni inaongeza Sh2,000. Jumla ni Sh4,000, mbali na NSSF.

Baada ya miaka mitatu, wote wawili wameamua kuacha kazi. Mwalimu ameona nafasi kwenye shirika moja lisilo la serikali, mhasibu anaenda Nairobi. Bila kuhesabu faida ya uwekezaji, akaunti ya mwalimu imepokea Sh324,000 na ya mhasibu Sh144,000. Kama mwalimu angekuwa chini ya sheria ya mzee, barua yake ya kujiuzulu ingemwacha bila kitu, kwa sababu hajafikisha miaka 10 wala umri wa miaka 50.

Hapo kwenye tofauti ya Sh324,000 na sifuri ndipo ulipo uzito wa mageuzi ya 2021. Anayekaa kazini miaka 30 huenda angefurahia zaidi ahadi ya zamani. Anayekaa miaka mitatu, mitano au tisa ndiye aliyeokolewa. Na kizazi hiki, tuseme ukweli, kinahama kazi.

Zinakuwa zako lini?

Mchango wako mwenyewe ni wako kuanzia siku ya kwanza. Hakuna mwajiri anayeweza kusema ameuzuia kwa sababu ulifukuzwa, uligombana na bosi au uliondoka bila kuaga.

Mchango wa mwajiri ndio wenye masharti. Kanuni za mfuko zinaweza kuweka muda wa kusubiri kabla sehemu hiyo haijawa yako kabisa, lakini RBA imeufupisha muda huo hadi mwaka mmoja wa uanachama. Mifuko mingine haisubiri hata siku moja.

Turudi kwa mhasibu. Tuseme mfuko wa kampuni yake unasubiri mwaka mzima, naye anaacha kazi mwezi wa nane. Sh16,000 alizokatwa ni zake pamoja na faida yake. Sh16,000 za kampuni anaweza kuziacha nyuma. Angevumilia miezi minne zaidi, zote zingekuwa zake. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi ukiwa na miezi 10 au 11, fungua kitabu cha kanuni za mfuko usome ukurasa huo mmoja. Pengine kubadilisha tarehe ya kuondoka kwa wiki chache kutakulipa kuliko nyongeza ya mwezi wa kwanza huko unakoenda.

Linganisha na miaka 10 ya mzee. Yeye angeweza kufanya kazi miaka tisa na miezi 11, ajiuzulu, na aondoke bila pensheni.

Kuhama na pesa zako

Ukishaacha kazi una njia tatu. Unaweza kuuomba mfuko wa zamani uhamishe akiba yako hadi mfuko wa mwajiri mpya. Kama mwajiri mpya hana mfuko, unaweza kuihamishia kwenye mpango wa mtu binafsi uliosajiliwa na RBA; kampuni nyingi za bima na za uwekezaji zinayo mipango hiyo. Au unaweza kuiacha pale pale ikiendelea kuzaa hadi utakapostaafu.

Kuna njia ya nne ambayo vijana wengi huikimbilia, nayo ni kuchukua pesa taslimu. Kanuni huruhusu uchukue sehemu tu, nyingine inabaki imefungwa hadi umri wa kustaafu. Watu hulalamika kwamba hiyo ni pesa yao na inashikwa bure. Lakini angalia hesabu.

Zile Sh324,000 za mwalimu, zikikaa mahali zinapozaa asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 30, zitafika takriban Sh3.26 milioni bila yeye kuongeza hata ndururu. Tusijidanganye, bei za vitu nazo zitapanda. Zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, pesa hizo zitakuwa na nguvu ya kununua kama Sh750,000 za leo. Bado ni zaidi ya maradufu, kwa miaka mitatu tu ya kazi. Akizichukua sasa, zitakuwa mtaji mzuri au zitakuwa simu mpya, viatu na madeni ya marafiki. Mwenyewe ndiye anajua.

Uhamisho huo haujifanyi wenyewe. Mfuko wa zamani unahitaji fomu yako, nakala ya kitambulisho, barua ya kuacha kazi na maelezo ya mfuko unaopokea. Wengi hubadilisha kazi mara tatu au nne, wakiacha vijiakiba huku na kule, laini ya simu imebadilika, na msimamizi wa mfuko hana njia ya kuwapata. Miaka 20 baadaye wanakumbuka jina la kampuni tu, nayo ilishafungwa.

Pale mambo yanapoharibika

Kila mpango una sehemu yake ya kuvunjika. Katika ule wa mzee, pesa hazipotei kwa sababu hazikuwekwa popote. Tatizo ni kusubiri. Faili linachelewa, Hazina haina fedha za kutosha mwezi huo, na mstaafu anazunguka ofisini akiulizwa karatasi ileile aliyoileta mwezi uliopita.

Katika mfuko wenye akaunti, hatari kubwa ni mwajiri kukukata bila kupeleka. Kwenye hati ya mshahara makato yanaonekana, lakini mfuko haujapokea kitu. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe michango ndani ya siku 10 baada ya mwezi kuisha. Asipofanya hivyo, hupotezi mchango tu bali pia faida ambayo ungezaa.

Wala usidhani hili ni tatizo la kampuni binafsi peke yake. Isiolo ni makao makuu ya kaunti, na vijana wengi hapa wameajiriwa na serikali ya kaunti. Wafanyakazi wa kaunti wana mifuko yao, ikiwemo LAPFUND na LAPTRUST, na kwa miaka mingi mifuko ya aina hiyo imekuwa ikilalamika kwamba kaunti mbalimbali nchini zinadaiwa mabilioni ya shilingi za michango. Mfuko unaweza kuwa na sheria nzuri kabisa, lakini kama pesa hazijafika, hakuna cha kuwekeza.

Aliye kwenye mkataba wa muda, awe wa kaunti au wa serikali kuu, pia achunguze barua yake. Mara nyingi hayumo kwenye pensheni kabisa, na anacholipwa mwisho wa mkataba ni kiinua mgongo, ikiwa tu barua ya ajira inasema hivyo.

Njia ya kujua mapema ni moja. Kila mwaka mfuko unatakiwa kukupa taarifa ya akaunti yako. Chukua hati zako za mshahara 12, jumlisha makato ya pensheni, kisha uongeze sehemu ya mwajiri. Kwa mwalimu wetu, mwaka mzima unapaswa kuonyesha Sh108,000 za michango. Taarifa ikionyesha Sh81,000, ujue michango ya miezi mitatu haijafika. Andika kwa wadhamini kwanza, na ubaki na nakala. Wasipojibu, peleka malalamishi kwa RBA ukiwa na hati zako mkononi.

Kwa hivyo mzee akiuliza tena, "Na ukizeeka?", jibu lisiwe jina la mwajiri. Mwambie mfuko unaitwaje, taarifa ya mwisho ilisoma shilingi ngapi, na kwamba siku ukihama Isiolo, akaunti inahama nawe.